Kutoka tamko kali hadi taarifa: namna ya kuandika upya kauli ya wafanyabiashara

Rasimu huja usiku. Mwenyekiti anaituma kwenye simu, nusu yake herufi kubwa, na chini yake ameandika: "Katibu, pitia kidogo tu, baada ya wiki mbili tunakutana na waandishi." Kupitia kidogo kwa maana yake ni kurekebisha tahajia. Wewe ukiisoma unaona kwamba ikitoka hivi ilivyo, magazeti yatachukua neno moja tu, nalo ndilo litakalojibiwa na kila mtu kwa wiki nzima.

Nimefanya kazi hii ya ukatibu kwa miaka, na mfano nitakaoutumia ni mgogoro ambao kila mfanyabiashara wa Dar es Salaam anaujua: wasio raia kufanya biashara ya rejareja Kariakoo. Rasimu yenyewe nimeitunga, pamoja na hesabu zake, kwa kuunganisha maneno niliyoyazoea. Iko hivi:

"TAMKO KALI! Sisi wafanyabiashara wazalendo tumechoshwa na uvamizi wa kutisha wa Wachina ambao wamejazana Kariakoo wakiuza bidhaa zao feki kwa bei za kuua soko. Eti ni wawekezaji! Mwekezaji gani anauza ndala na vibanio vya nywele? Wamiliki wa majengo wenye tamaa huwafukuza wazawa kwenye fremu na kuwapa wageni wenye kilemba kinono. Maafisa wa leseni wamefumba macho, na sote tunajua kwa nini. Serikali imeshatoa amri lakini wageni wote wanaendelea kuvunja sheria mchana kweupe. Tunataka hatua kali zichukuliwe mara moja, la sivyo tusilaumiane."

Anza mwisho: wanaomba nini, na kwa nani?

Usiguse sentensi ya kwanza. Nenda kwenye ya mwisho. "Hatua kali zichukuliwe mara moja" haina mtendaji, haina tendo, haina tarehe. Mpigie mwenyekiti na umuulize maswali matatu: nani afanye, afanye nini, lini. Usimuulize anajisikiaje, maana hilo ameshaliandika.

Katika mfano wetu, ukimbana, mwenyekiti atakwambia anachotaka ni ukaguzi wa leseni. Hapo unamuuliza tena, leseni zipi? Leseni nyingine za biashara hutolewa na BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, nyingine na halmashauri, hapa ikiwa ni ya Jiji la Dar es Salaam. Kumbe barua ni mbili, na ombi linaanza kuwa na umbo: wakala na halmashauri watangaze ni leseni ngapi za rejareja zilizo mikononi mwa wasio raia Kariakoo, na zinaisha lini.

Ombi hilo ni zito kuliko "hatua kali". Afisa anaweza kuikubali "hatua kali" kwa kutikisa kichwa, halafu akaenda zake. Ombi lenye tarehe linamlazimu ajibu ndiyo au hapana. Mwenyekiti anayeogopa kwamba unamlainishia tamko lake, mwonyeshe hapo kwanza kabla hujafuta neno lake hata moja.

Tenga walichokiona, wanachokiamini na wanachokitaka

Chapisha rasimu, chukua kalamu ya rangi tatu. Rangi moja kwa kilichoonekana na mtu ambaye anaweza kutajwa au kuitwa. Ya pili kwa kinachoaminika. Ya tatu kwa ombi. Katika rasimu yetu rangi ya kwanza itakosa pa kutua, isipokuwa mahali pawili: kwamba yapo maduka, na kwamba Serikali ilitoa amri.

Kuhusu amri, isome yenyewe, usiisome kwenye vichwa vya habari. Ilitolewa Julai 2025 chini ya Sheria ya Leseni za Biashara, ikawazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ya kwanza ikiwa biashara ya jumla na rejareja, ingawa supamaketi zimeachwa nje. Ilisema pia kwamba mwenye leseni ambayo bado ni hai anaweza kuendelea hadi muda wake uishe. Sasa rudi kwenye rasimu: "wageni wote wanaendelea kuvunja sheria". Wenye leseni hai hawakuwa wakivunja chochote. Neno "wote" limeifanya sentensi nzima kuwa ya uongo, na mwanasheria wa upande wa pili atalishika hilo hilo na kuacha mengine yote.

Kuna jambo jingine ndani ya amri ambalo wenyeviti hawapendi kulisikia. Inamwadhibu pia Mtanzania anayemsaidia asiye raia kufanya biashara iliyozuiwa, kwa faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Kabla ya kuandika kuhusu "wageni wanaojificha nyuma ya majina ya wazawa", uliza kimyakimya kama hakuna mwanachama wenu aliyekodisha jina lake au nusu ya fremu yake. Mara nyingi yupo.

Baada ya hapo tuma vijana wakahesabu. Tuseme wamepita mitaa miwili kwa siku tano na kurudi na jibu: "Maduka ya Wachina 31." Usilipokee. Waulize wamejuaje. Wakisema "si tumewaona", hesabu hiyo imefanywa kwa kutazama sura, na sura haionyeshi uraia wala leseni. Aliyekaa kaunta anaweza kuwa mwajiriwa, na mwenye duka akawa mtu mwingine kabisa, wa taifa lolote. Wakarudie, safari hii waulize. Wakirudi na maduka 23 ambayo wauzaji wenyewe walisema mwenye duka si raia, 23 hiyo ni ndogo kuliko 31, lakini hii unaweza kuieleza mbele ya mtu yeyote.

Moto wa Kiswahili hauko kwenye vivumishi

Wengi wakiambiwa "ondoa maneno ya uchochezi" hufuta vivumishi. Katika rasimu yetu utafuta "ya kutisha", "kali", "kinono", na utabaki na: "uvamizi wa Wachina ambao wamejazana Kariakoo". Bado inawaka. Vivumishi vya lugha yetu ni vichache. Mtu akitaka kutukana kwa Kiswahili hutumia kitenzi, nomino, au kineno kidogo cha herufi tatu.

Anza na vitenzi. Kuvamia, kujazana, kupora, kunyonya, kufumba macho. Kipimo changu ni hiki: je, aliyetenda angeweza kukitumia kitenzi hicho kueleza alichofanya mwenyewe? Mwenye duka hawezi kusema "nimejazana Kariakoo". Anaweza kusema "nimefungua duka". Mwenye jengo hatasema "nilimfukuza"; atasema "mkataba uliisha sikuuhuisha". Ikiwa kweli alimtolea mtu mizigo nje kabla mkataba haujaisha, basi andika hivyo hivyo: alitoa mizigo nje, tarehe fulani, miezi miwili kabla ya mkataba kuisha. Kupoza lugha si kulificha tendo. Ni kulieleza kama lilivyofanyika, ukali ukiwa wake lenyewe.

Kisha tafuta "eti". Neno hili huweka maneno kinywani mwa mwingine na kuyacheka papo hapo. Na maswali ya kejeli ni ndugu zake: "Mwekezaji gani anauza ndala?" Ndani ya swali hilo kuna hoja nzuri inayosongwa na kejeli. Hoja ni kwamba kuna wanaoingia nchini kama wawekezaji kisha wanafanya rejareja ya bidhaa ndogondogo. Ukiiandika kwa sentensi ya kawaida, inakuwa swali halali kwa mamlaka: kibali kilitolewa kwa shughuli gani, na shughuli inayofanyika ni ipi?

Angalia pia vionyeshi. "Wachina" na "hawa Wachina" si kitu kimoja, kama vile "vijana" na "hao vijana" si kimoja. Na angalia ngeli: duka likiitwa "kijiduka" au mtu akiitwa "jitu", umeshatoa hukumu bila kutumia kivumishi hata kimoja.

Kilicho kigumu zaidi kukiona ni "hu-". Rasimu inasema wamiliki "huwafukuza wazawa". Kiambishi hicho kinageuza visa vichache kuwa tabia ya wamiliki wote wa majengo, siku zote. Una visa vinne? Basi andika "wanachama wanne walituambia kuwa mikataba yao haikuhuishwa". Usikimbilie "baadhi ya wamiliki" ukidhani umemaliza. "Baadhi" ni neno la kujificha. Linaweza kuwa wawili, linaweza kuwa mia mbili, na msomaji mwenye hasira atajichagulia.

Majina ya watu

Amri yenyewe haitaji Wachina. Inataja wasio raia. Tumia neno la amri, kwa sababu tatu. Kwanza ndilo sahihi. Pili, "wasio raia" ni pamoja na Wakenya, Waganda na Wakongomani wenye maduka, na baada ya amri kutoka, Serikali ya Kenya ililalamika kwamba inakwenda kinyume na Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010. Taarifa inayowataja Wachina peke yao inalikwepa suala hilo, na mwandishi wa kwanza kutoka Nairobi ataliuliza. Tatu, kutaja taifa pamoja na matusi kunaweza kukuingiza kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo ina makatazo kuhusu maudhui ya ubaguzi wa rangi na chuki dhidi ya wageni. Taarifa yako itasambazwa kwa simu, upende usipende.

"Wazalendo" nalo liondoe. Linawasifu wenye tamko, na kwa chini chini linamwambia asiyekubaliana nao kwamba si mzalendo. Andika "wanachama wetu". "Wazawa" ni la kuangaliwa zaidi, maana kuna Watanzania wa asili ya Asia waliozaliwa hapa hapa mjini ambao neno hilo huwaacha mlangoni. Sheria inasema raia na asiye raia, na inatosha.

"Feki" linahitaji uamuzi. Je, wanamaanisha bidhaa bandia, yaani zenye nembo ya mtu mwingine? Hilo ni la Tume ya Ushindani. Au ni hafifu, chini ya kiwango? Hilo ni la TBS. Au ni za bei rahisi tu? Hilo si kosa. Kama hakuna aliyepeleka sampuli popote, aya nzima ya "feki" itoke. Na hapa mwambie mwenyekiti ukweli kidogo: nusu ya mzigo wa wanachama wenu umetoka Guangzhou na Yiwu, pengine kiwanda kile kile.

Tuhuma ya rushwa

"Wamefumba macho, na sote tunajua kwa nini." Sentensi hii ndiyo tamu kuliko zote kwa wanachama, na ndiyo itakayowapeleka mahakamani. Ina njia mbili tu. Kama kuna mtu aliyeona fedha ikitolewa, aende TAKUKURU, na taarifa isiseme lolote juu yake. Kama hakuna, ibadilishe kuwa jambo linaloweza kupimwa: mliandika barua lini, mlijibiwa lini, au hamjajibiwa. "Tuliandika barua tarehe 2, hadi leo hatujapata jibu" inamweka afisa pabaya kuliko tuhuma ya mafumbo, kwa sababu tuhuma ataikanusha kwa kauli moja na tarehe hawezi kuikanusha.

Weka neno la upande wa pili, na maslahi yenu

Kutoegemea upande si kuwapa wote mistari sawa. Hii ni taarifa ya jumuiya, na kila mtu anajua ina upande. Kinachotakiwa ni kwamba hoja ya mwingine iandikwe kwa namna ambayo yeye mwenyewe akiisoma atasema, "Ndiyo, hilo ndilo nisemalo." Mfuate mwenye jengo mmoja au wawili. Watakwambia wanampangisha anayelipa kodi ya mwaka kwa mkupuo na ana nyaraka. Iandike hivyo, bila "wanadai" wala "wanajitetea". "Wanasema" ni kitenzi kizuri mno na hakitumiki vya kutosha.

Na mnufaika wa bei ndogo ni mnunuzi. Msipolisema ninyi, mwandishi atalisema. Sentensi moja inatosha: tunatambua kuwa wanunuzi wanafaidika na bei ndogo, na sisi kama washindani tuna maslahi katika jambo hili.

Usilipoze mpaka likaganda

Kuna katibu mwingine, wa aina ya pili, ambaye akipewa rasimu ile atarudi na hii: "Jumuiya imebaini uwepo wa changamoto mbalimbali katika sekta na inawaomba wadau kushirikiana kutafuta suluhu endelevu." Hakuna uchochezi humo, na hakuna kitu. Neno "changamoto" limebeba mizigo ya kila mtu hadi limepinda mgongo. Ukiliona kwenye rasimu yako, uliza ni changamoto gani, kisha andika jibu mahali pake. Hali kadhalika "wadau" na "mamlaka husika": yataje majina. Mwanachama aliyepoteza fremu akisoma taarifa yako akose kujiona ndani yake, utakuwa umeharibu sawasawa na mwenyekiti, kwa upande wa pili.

"La sivyo tusilaumiane"

Kariakoo maneno haya hayasomwi kama msemo. Maduka yalifungwa Mei 2023 hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kuzungumza na wafanyabiashara, yakafungwa tena Juni 2024 na mgomo ukaenea mikoa mingine. Kwa hiyo tishio lisilo na umbo litatafsiriwa kuwa mgomo, hata kama mwenyekiti hakuuwaza. Andika mtakachofanya hasa: tutaitisha mkutano wa wanachama tarehe fulani kuwasomea majibu. Kama mgomo ni kweli unajadiliwa, hilo ni uamuzi wa mkutano. Lisipenyezwe kwenye nusu sentensi saa sita usiku.

Baada ya kazi hiyo yote, rasimu yetu inakuwa hivi:

"TAARIFA KUHUSU LESENI ZA REJAREJA ZA WASIO RAIA, KARIAKOO. Julai 2025 Serikali ilitoa amri inayozuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, ikiwamo ya jumla na rejareja. Wenye leseni hai waliruhusiwa kuendelea hadi zitakapoisha. Kati ya tarehe 3 na 7 mwezi huu wajumbe wetu walipita mitaa miwili na kukuta maduka 23 ya rejareja ambayo wauzaji walisema wenye maduka si raia. Hatujui ni mangapi kati ya hayo yana leseni hai. Wanachama wanne walituambia kuwa mikataba yao ya fremu haikuhuishwa na fremu hizo sasa wamepangishwa wasio raia. Wamiliki wawili wa majengo tuliozungumza nao wanasema wanampangisha yeyote mwenye nyaraka anayeweza kulipa kodi ya mwaka. Tunatambua kuwa wanunuzi wanafaidika na bei ndogo, na kwamba sisi kama washindani tuna maslahi katika jambo hili. Tarehe 2 tuliwaandikia BRELA na Halmashauri ya Jiji; hatujapata jibu. Tunaomba kila moja itangaze, kabla ya tarehe 30, idadi ya leseni za rejareja za wasio raia Kariakoo na tarehe zinapoisha. Tarehe 2 mwezi ujao tutakutana na wanachama kuwasomea majibu."

Jaribio, kisha meza ya waandishi

Wasomee kwa sauti watu watatu, mmojammoja: mwanachama mwenye hasira kuliko wote, mwenye jengo, na mtu asiyehusika kabisa, kama muuza kahawa wa chini ya ofisi. Wa kwanza akisema "mmetuangusha", muulize ni jambo gani limekosekana. Akitaja tukio, liongeze. Akitaja neno, liache. Halafu fanya la mwisho: kata kila sentensi na uisome peke yake, kama itakavyokuwa kwenye kichwa cha habari. "Hatujui ni mangapi kati ya hayo yana leseni hai" ikisimama peke yake inaonekana kama udhaifu. Iache. Ndiyo inayoonyesha kwa nini mnaomba orodha.

Hatari iliyobaki ni mwenyekiti mwenyewe. Atasoma karatasi vizuri hadi mwisho, aikunje, kisha mwandishi amuulize, "Mzee, kwa hiyo mnawachukia Wachina?" na lile neno "uvamizi" ulilolifuta saa saba usiku litatoka kinywani mwake mbele ya kamera. Nimeliona hilo likitokea, nikiwa nimekaa kiti cha pembeni, nisiweze hata kumgusa mguu chini ya meza. Siku hizi namwandikia kadi ndogo ya mfukoni yenye majibu mawili, na tunayarudia kwenye gari: "Hapana. Tunauliza leseni ni ngapi na zinaisha lini." Na la pili, kwa swali lolote lingine: "Hilo halimo kwenye taarifa, katibu atakupigia."